Mshahara wa mwenye biashara: kiasi gani kiandikwe kwenye mpango?

Swali: Shikamoo mhasibu. Naandaa mpango wa kiwanda kidogo cha mikate hapa Dodoma, kwa jina la biashara, si kampuni. Nimeacha kazi iliyokuwa ikinilipa 900,000 kwa mwezi, na nina mke na watoto wawili. Nikishanunua oveni na mashine ya kukanda nitabaki na 5,000,000 taslimu. Rejesho la benki ni 450,000 kuanzia mwezi wa 4. Nimejiandikia mshahara wa 900,000. Rafiki yangu anasema niandike sifuri mpaka biashara isimame. Nani yuko sahihi? Jedwali langu nimeliambatanisha.

Jibu: Marahaba. Wote wawili mmekosea, kwa sababu mnatafuta namba moja mahali panapohitaji mbili. Namba ya kwanza ni thamani ya kazi yako, na inakaa kwenye hesabu ya faida na hasara. Ya pili ni fedha utakayoitoa kweli kila mwezi, na hiyo inakaa kwenye mzunguko wa fedha. Kwa miezi ya mwanzo hazitalingana, na hakuna ubaya.

Tuanze na thamani ya kazi. Zile 900,000 zilikuwa bei ya kazi uliyoiacha, hazihusiani na mikate. Jiulize hivi: ukiugua miezi miwili, utamlipa nani, na kiasi gani, asimamie uokaji, anunue ngano na kufuatilia madeni ya maduka? Tuseme kwa hapo ulipo mtu huyo anapatikana kwa 600,000. Basi hiyo ndiyo gharama ya kazi yako. Jedwali lako linaonyesha kwamba ngano, sukari, mafuta, hamira, gesi na vifungashio vinakula 60% ya mauzo. Zinabaki 40% za kulipia pango, vijana wawili, umeme na usafirishaji, ambavyo jumla ni 1,300,000 kwa mwezi. Bila kazi yako, biashara inajilipa ikiuza 3,250,000. Ukiiweka kazi yako, inahitaji kuuza 4,750,000. Mpango wa rafiki yako ungekuambia biashara inaanza kujilipa mwezi wa 2, kwa mauzo ya 4,000,000, kumbe inaanza mwezi wa 3. Hatari kubwa zaidi ya ile sifuri iko kwenye bei: utapanga bei ya mkate kana kwamba mwokaji analipwa na mtu mwingine, na kuipandisha baadaye, maduka yakishaizoea, ni kazi ngumu.

Sasa fedha yenyewe. Hapa ndipo nakuomba usome polepole, maana hapa ndipo mpango wako ungevunjika.

Umepanga kuuza 3,000,000 mwezi wa kwanza, kisha kuongeza milioni moja kila mwezi hadi 8,000,000 mwezi wa 6. Nusu ya mauzo ni taslimu. Nusu nyingine ni ya maduka na ile shule, wanaolipa baada ya siku 30. Ngano, kwa upande wake, unailipia siku unayoichukua. Chukua mwezi wa 4, mauzo yakiwa 6,000,000. Ukitoa malighafi na zile 1,300,000, hesabu inaonyesha ziada ya 1,100,000. Mtu akiiona anasema 900,000 zinatosha kabisa. Lakini 500,000 katika ziada hiyo ni ongezeko la mikate iliyokopeshwa, na 450,000 zimekwenda benki. Fedha iliyoongezeka mkononi ni 150,000 tu.

Nimepitisha namba zako mwezi kwa mwezi. Ukijilipa 900,000, zile 5,000,000 zinashuka hadi 2,500,000 mwisho wa mwezi wa 1, kisha 1,400,000, kisha 700,000. Mwezi wa 4, mwezi uleule wa rejesho la kwanza, unapungukiwa 50,000. Mauzo yanapanda kama ulivyopanga na wateja wote wamelipa kwa wakati, na bado huna ya kununulia ngano.

Kiasi cha kutoa kinapimwa kwa mahitaji ya nyumbani, si kwa biashara. Kaa na mke wako mwandike chakula, pango la nyumba, nauli na umeme. Tuseme yanafika 550,000, na kipato chake kinabeba 200,000. Pengo ni 350,000. Ada ya shule usiigawanye kwa 12. Iweke kwenye mwezi inayolipwa, kwa sababu fedha nayo hutoka siku hiyo.

Kwa 350,000, salio lako linashuka polepole zaidi, linagusa chini mwezi wa 4 kwa 2,150,000, kisha linapanda hadi 2,950,000 mwezi wa 6. Kwa hiyo weka mstari ambao salio la mwisho wa mwezi halitakiwi kuuvuka kwenda chini: gharama za kudumu za mwezi mmoja pamoja na rejesho, yaani 1,750,000. Lijaribu kwa balaa dogo. Shule ikichelewesha 800,000 mwezi wa 4, unabaki na 1,350,000. Uko chini ya mstari, lakini ngano inanunuliwa na benki imelipwa. Mwezi unaofuata jilipe nusu mpaka shule ilete. Sharti hilo liandike ndani ya mpango wenyewe, afisa mikopo alione.

Kama pengo la nyumbani lingekuwa 700,000, nisingekushauri uongeze namba kwenye mpango. Ningekuambia uchelewe kuanza hadi uwe na akiba ya nyumbani ya miezi sita, iliyowekwa kando na zile 5,000,000.

Na kupandisha? Chukua fedha iliyobaki kila mwezi kabla ya kujilipa, tafuta wastani wa miezi mitatu iliyopita, na usipandishe kupita nusu yake. Kwa miezi ya 4 hadi 6 wastani wako ni 550,000, nusu yake 275,000, kwa hiyo hakuna nyongeza. Mauzo yakibaki 8,000,000, wastani wa miezi ya 6 hadi 8 unakuwa karibu 1,280,000. Hapo, kuanzia mwezi wa 9, zile 600,000 za thamani ya kazi yako unaweza kuzichukua.

Jambo la kodi ni fupi. Kwa kuwa unatumia jina la biashara, wewe na biashara ni mtu mmoja mbele ya TRA. Unachotoa ni matumizi ya mmiliki, si mshahara, na hakipunguzi kodi unayodaiwa. Ukija kusajili kampuni BRELA, utakuwa mwajiriwa wake: mshahara utakatwa kodi ya ajira, na itabidi mpango ubebe pia mchango wa kampuni NSSF. Usisaini mkataba wa 600,000 huku ukijilipa 350,000, maana tofauti inageuka deni ambalo wewe unaidai kampuni, na linaongezeka kila mwezi.

Dalili ya kwamba namba yako ni ndogo mno utaiona kwenye droo. Niliwahi kukagua vitabu vya mteja aliyejiandikia sifuri. Tulipojumlisha elfu tano za hapa na elfu kumi za pale, alikuwa akichota zaidi ya 500,000 kwa mwezi, na hakujua. Hamisha 350,000 kwa mkupuo mmoja, kila tarehe 5, kwenda kwenye simu au akaunti ya nyumbani. Mikate ya chai ya watoto iandike pia, kwa gharama ya kuitengeneza, na uitoe kwenye hizo 350,000.