THD ndogo na sauti inayokwaruza

"Amplifaya yangu imeandikwa THD 0.01%, mbona inakwaruza nikisikiliza kwa sauti ya chini?"

Kuna aliyejibu swali hili kwa kulaumu spika; huenda amepatia kwa sehemu, lakini mimi ningeanza na amplifaya. THD ni kipimo cha jumla ya toni za ziada ambazo amplifaya huongeza kwenye sauti. Kipimo hicho huingiza toni moja safi, kwa kawaida ya hezi 1,000, kisha hupima toni za ziada zilizozaliwa, yaani za hezi 2,000, 3,000 na kuendelea. Mara nyingi hufanywa karibu na nguvu kamili, ilhali kasoro inayotokea pale transista moja inapoipokeza nyingine wimbi haipungui sana unaposhusha sauti, hivyo sehemu yake hukua. Tena toni ya hezi 7,000 husikika upesi kuliko ya 2,000, ambayo hufunikwa na toni ya msingi, ingawa hesabu ya jumla huzipa uzito uleule.