Jino la skrubu likitoa damu, usisubiri litikisike

Ujumbe huu umetoka kwa mama mmoja wa Kisauni, na nimeomba ruhusa yake kuuandikia makala bila jina: "Assalaam aleikum daktari. Jino langu la skrubu lina miaka mitatu. Haliniumi, halitikisiki, natafuna nalo hata mishikaki. Ila nikipiga mswaki naona damu, na asubuhi mdomo una harufu. Nimesukutua maji ya chumvi, nikanunua vidonge vya siku tano dukani, ikatulia wiki mbili, sasa imerudi. Si ni fizi tu?"

Hapana, mama, si fizi tu. Na hayo maneno mawili, haliniumi na halitikisiki, ndiyo yanayowapoteza watu wengi wenye implanti.

Tuanze na jinsi jino la kuzaliwa nalo lilivyokaa. Halikugusana na mfupa wa taya. Katikati yake na mfupa kuna nyuzi nyembamba zinazolishika, zenye neva na mishipa ya damu, na juu yake ufizi nao umeingiza nyuzi zake ndani ya mzizi kama uzi ulioshonwa kwenye nguo. Implanti haina hayo. Ni skrubu ya titani ambayo mfupa umeikumbatia moja kwa moja, jambo ambalo Msweidi Per-Ingvar Brånemark alilifanyia kazi hadi akampandikizia mgonjwa wake wa kwanza mwaka 1965. Ufizi unaizunguka, lakini haukushonwa kwake. Nyuzi zake zinapita sambamba na titani, zikiibana tu. Ukitaka picha yake, ufizi wa jino umeshonwa kama suruali, na ufizi wa implanti umefungwa kama kikoi kiunoni. Kikoi hustiri vizuri kabisa, ila ukipenyeza kidole kinaingia.

Uambukizo huanzia hapo kwenye pindo la kikoi. Ukoga, ule utando laini unaouhisi kwa ulimi alfajiri, hujikusanya pale kofia, yaani jino bandia linalofungwa juu ya skrubu, inapokutana na ufizi. Usipoondolewa kwa wiki chache, ufizi huwa mwekundu, huvimba kidogo, na hutoa damu ukiguswa. Hatua hii huitwa mukosaitisi. Mfupa bado mzima, na ukoga ukiondolewa sawasawa ufizi hurudi hali yake, ingawa kwenye implanti huchukua muda mrefu kuliko kwenye jino. Ukiachwa, kwa baadhi ya watu kidonda hushuka na kuanza kula mfupa. Hapo ndipo jina linabadilika na kuwa peri-implantaitisi, na mfupa uliokwisha kuliwa haurudi kwa kusafisha.

Mtu ataniambia kwamba hata ugonjwa wa kawaida wa fizi hula mfupa. Ni kweli, na vijidudu vyake vinafanana sana. Tofauti iko kwenye ulinzi. Kwenye jino, mara nyingi mwili huweka ukanda wa nyama nzima yenye nyuzi kati ya kidonda na mfupa, mfano wa boma, na ugonjwa huenda polepole, huku ukipumzika katikati. Kwenye implanti boma hilo halipo. Kidonda ni kikubwa zaidi na kinagusa mfupa wenyewe. Tena damu inayolisha eneo hilo ni kidogo, kwa sababu ile mishipa iliyokuwa kwenye nyuzi za jino iliondoka na jino. Kwa hiyo mfupa huliwa haraka zaidi, na kwa kawaida huliwa kuizunguka skrubu yote, ukibaki kama kisahani chenye msumari katikati.

Sasa rudi kwenye haliniumi na halitikisiki. Jino lenye ugonjwa wa fizi hulegea kidogo kidogo, na mwenyewe analihisi anapotafuna. Implanti haina nyuzi za kulegea. Ikiwa imepoteza nusu ya mfupa, nusu iliyobaki chini bado imeishika kama ilivyoishika siku ya kwanza. Itasimama imara mpaka karibu na mwisho. Siku implanti yenyewe inatikisika, hakuna tena mfupa ulioishika na kazi iliyobaki ni kuitoa. (Kofia peke yake ikilegea ni jambo jingine, mara nyingi ni skrubu ndogo ya ndani iliyofunguka, na hukazwa.) Na kwa kuwa hakuna zile neva za kwenye nyuzi, maumivu huwa madogo au hayapo. Zinazobaki kuwa dalili ni damu, usaha, harufu, na ufizi kushuka.

Mama alipofika, tulianza na kipimo, yaani kile kijiti chembamba chenye alama za milimita. Hutelezeshwa kati ya ufizi na kofia kwa mkono mwepesi mno, uzito kama wa gramu 25, kuzunguka sehemu sita. Usimkubalie anayekwambia implanti haipimwi hivyo kwa kuogopa kuiharibu. Bila kupima hakuna njia ya kujua. Upande wa shavu tulipata milimita 4. Upande wa nyuma 8, upande wa ulimi 7, na kijiti kilipotoka damu ilijaa ukingo wote, kisha likafuata tone la usaha. Kitone kimoja cha damu pekee kisingenitisha, kwa sababu kijiti chenyewe kinaweza kuchubua. Damu inayotiririka na usaha ni habari nyingine. Meno ya jirani yalipima 3 na hayakutoa damu, kwa hiyo hakuwa na ugonjwa wa fizi mdomo mzima. Shida ilikuwa ya gego hilo moja.

Lakini milimita 8 ni mbaya kiasi gani? Inategemea ilikuwa ngapi mwanzo. Implanti iliyozamishwa ndani inaweza kupima 5 nayo ni nzima. Ndiyo maana siku kofia inapofungwa huchukuliwa vipimo na picha ya eksrei, vikawekwa kuwa msingi wa kulinganisha. Kliniki iliyomfungia mama haikumpa chochote, wala alipouliza hawakupata faili. Hili linaniuma, kwa sababu picha moja ingetuambia ugonjwa umeanza lini. Kwa hali kama hiyo, jopo la wataalamu wa kimataifa lililokutana mwaka 2017 liliweka mpaka: kina cha milimita 6 au zaidi, pamoja na damu, pamoja na mfupa ulioshuka milimita 3 au zaidi chini ya pale unapotarajiwa, hiyo ni peri-implantaitisi. Eksrei ya mama ilionyesha mfupa umeshuka 3.5 kwenye skrubu ya urefu wa 10. Na upande wa nyuma, chini ya ukingo wa kofia, kulikuwa na kichembe cheupe chenye ncha, kama punje ya mchele iliyovunjika.

Kile kichembe kilikuwa simiti, ile gundi ya kubandikia kofia. Kofia yake ilibandikwa, haikukazwa kwa skrubu. Kofia inapokandamizwa, simiti iliyozidi hutafuta pa kutokea. Kwenye jino, zile nyuzi zilizoshonwa huizuia isishuke. Kwenye implanti hupenya chini ya kikoi bila kipingamizi, na ukingo wa kofia ukiwa zaidi ya milimita moja na nusu ndani ya ufizi, hata daktari mwenye mkono mzuri huacha mabaki asiyoyaona. Simiti yenyewe si vijidudu. Ni ukuta uliokwaruzika ambapo ukoga hujishika mahali ambapo mswaki haufiki, na inaweza kukaa kimya miaka kadhaa kabla ufizi haujalalamika.

Hapo utaelewa pia kwa nini vidonge vilituliza wiki mbili tu. Vijidudu vilivyo ndani ya ukoga vimejifunika utando ambao dawa inayopita kwenye damu haipenyi vya kutosha. Usaha unapungua, makao yanabaki, wenyewe wanarudi. Maji ya chumvi nayo husafisha mdomo, lakini hayashuki milimita 8. Tafadhali acheni kununua dawa hizo dukani kwa ajili ya implanti.

Tulitoboa kofia kwa juu, tukaifikia skrubu ndogo ya ndani inayokaza kiunganishi, kile kipande kinachobeba kofia juu ya implanti, tukaitoa kofia pamoja nacho. Simiti ilikuwa imezunguka karibu robo ya kiunganishi. Tukaikwangua yote, tukasafisha titani kwa unga laini unaopulizwa na maji, tukamfundisha kusafisha, tukampa wiki nane. Aliporudi usaha ulikuwa umekwisha na upande wa ulimi umeshuka hadi 4, lakini nyuma palibaki 6 na damu bado. Hili ni la kawaida. Ubavu wa skrubu una mabonde, na ukisafisha bila kufungua ufizi huwezi kuyafikia yote. Kwa hiyo tulifungua ufizi kwa ganzi, tukatoa nyama iliyoharibika, tukasugua mabonde kwa kibrashi cha titani, tukashona. Mfupa wake ulikuwa umeliwa kwa usawa kama kisahani kipana, na umbo hilo halishiki unga wa mfupa wa kupandikiza; shimo lenye kuta ndilo linaloweza kujaribiwa. Kofia mpya imekazwa kwa skrubu, bila simiti, na upande wa chini umepunguzwa unene ili brashi ipite. Ile ya kwanza ilikuwa imetokeza kama kichwa cha uyoga.

Nyumbani anatumia vitu viwili zaidi ya mswaki wa kawaida. Kimoja ni kibrashi kidogo cha katikati ya meno, ambacho waya wake umefunikwa plastiki, kinachoingia kwa kubana kidogo bila kulazimisha, mara moja kila usiku, upande wa shavu na upande wa ulimi. Cha pili ni brashi yenye kishungi kimoja, ya kuzungusha ukingo wa ufizi nyuma ya gego. Mswaki wa mti anaupenda, na hakuna ubaya, unasugua vizuri ubavu wa jino. Ila hauingii katikati, basi usiwe peke yake.

Nyinyi mnaofikiria kuweka implanti sasa, kabla hamjalipa ulizeni jino la asili lilitoka kwa nini. Likiwa lilioza, ni jambo moja. Likiwa lililegea kwa ugonjwa wa fizi, vijidudu vile vile bado viko kwenye meno yaliyobaki, na hatari yako ni kubwa zaidi kuliko ya mwenzio. Fizi zitibiwe kwanza. Ulizeni kofia itabandikwa au itakazwa. Ikibandikwa, ukingo usizame sana, na picha ipigwe siku ile ile, mkijua kwamba picha huonyesha pande mbili tu za jino, haionyeshi shavuni wala ulimini, na simiti nyingine hazionekani kabisa. Ombeni nakala ya picha hiyo na vipimo vyake muweke kwenye simu.

Mama wa Kisauni anakuja kila miezi mitatu. Mara ya mwisho vipimo vilikuwa 3, 4 na 5, bila damu. Mfupa umebaki pale pale, milimita 3.5 chini, na ufizi umeshuka kiasi cha kuonyesha mstari mwembamba wa chuma akicheka sana.