Kiitikio kilichokataa kuimbika, na kile kilichojaza magunia

Juzi mwalimu mmoja wa Lindi ameniandikia ujumbe. Anasema kaona video fupi ya mtaa wetu hapa Mtwara, watu wamejipanga pande mbili za mtaro wanaitikia shairi huku wanaokota nailoni, na sasa anataka nimtungie la kwake kwa ajili ya usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Mwalimu, shairi nakupa, liko hapa chini. Lakini kwanza nikusimulie la mwaka jana, maana bila hilo la mwaka huu lisingekuwepo, na wewe usipolijua utaanguka palepale nilipoanguka mimi.

Mwaka jana niliombwa niandike shairi la kufungulia siku ya usafi. Nilikaa nalo wiki nzima. Beti tisa, vina vya kati na vya mwisho vimelala sawasawa, kila mshororo una mizani kumi na sita. Kiitikio changu kilikuwa hiki:

Tuyatunze mazingira, uhai tuuokoe.

Kwenye karatasi hakina kasoro. Hesabu mwenyewe: nane na nane. Siku ilipofika nikasimama juu ya kreti la soda, nikasoma ubeti wa kwanza, nikanyoosha mkono watu waitikie. Nusu ya kwanza walikwenda nayo. Walipofika kwenye "tuuokoe" kila mtu akaenda njia yake. Wengine wakasema "tuokoe", wengine "tukokoe", kina mama wa nyuma wakanyamaza. Ubeti wa pili wakaitikia watano. Ubeti wa nne kiongozi mmoja akanyanyua kipaza sauti akasema, "Tunamshukuru mshairi, sasa jamani tufanye kazi." Watu wakapiga makofi. Nilishuka na beti zangu tano mkononi hazijasomwa. Nikafagia siku ile, ndiyo, ila sikumwangalia mtu usoni. Mpaka leo nikipita pale kwenye lile kreti moyo unanichoma.

Kosa lilikuwa wapi? Mimi nililaumu watu, nikasema hawapendi mashairi. Mjomba wangu ndiye aliyenifungua macho. Ni mvuvi wa Mikindani, hajawahi kuhesabu mizani maishani mwake. Nilimsomea kile kiitikio, akanyamaza kidogo, akaniuliza: "Sasa mwanangu, hapo mtu anavuta saa ngapi?" Akanieleza kwamba wanaposhua mashua mmoja hutoa sauti, wengine wakajibu kwa neno fupi, na neno lile huangukia pale mikono inapokaza. Jibu likiwa refu, nguvu zinatawanyika na mashua haisogei.

Nikarudi nyumbani nikakitazama upya. "Tuuokoe" ina silabi tano, na irabu zinagongana mara mbili: u, u, o, kisha o, e. Mtu mmoja akisoma polepole atazitamka zote. Watu arobaini wakisema pamoja, u mbili zinamezana zinakuwa moja, mizani nane inakuwa saba, na hapo wenye sikio wanasubiri silabi ambayo wenzao hawakuitoa. Ndiyo ile vurugu niliyoisikia. Isitoshe, "mazingira" hayaokotwi. Aliyeinama mtaroni anaona nailoni, mchanga na maji meusi. Umwambie atunze mazingira, mkono wake utakwenda wapi?

Basi nikaanza na mkono. Nikashuka mtaroni peke yangu jioni moja na gunia, nikawa najisikiliza ninachofanya. Nailoni iliyokaa mtaroni haiokoteki kama karatasi. Nusu iko juu, nusu imefukiwa, na ndani imejaa mchanga mbichi. Ukiivuta kwa haraka inachanika, kipande kinabaki chini. Inabidi uinamie, uilegeze kwa vidole, uitoe nzima, uikung'ute mchanga, ndipo uitie guniani. Usipokung'uta, gunia halijafika nusu na tayari watu wawili hawaliinui. Baada ya kama nailoni ishirini maneno yalikuja yenyewe: inama, okota, tia. Nikahesabu vidoleni: i-na-ma, o-ko-ta, ti-a. Nane! Na mkazo unaanguka mara tatu, NA, KO, TI, kila mkazo na tendo lake. Nilicheka peke yangu mtaroni kwa furaha.

Nusu ya pili nilitaka kwanza iwe "kiroba kijae tele", mizani inakaa. Lakini viroba vyenyewe ni plastiki iliyofumwa, na vikichakaa vinamwaga nyuzi zilezile tunazoziokota. Huku kwetu kila nyumba ina gunia chakavu la jute lililobaki msimu wa korosho. Nikaandika gunia.

Jambo jingine lililonigharimu ni jina. Shairi la mwaka jana nililielekeza kwa rambo, beti zote rambo, rambo. Mama mmoja muuza genge akaniambia baadaye, "Mwanangu, rambo zilipigwa marufuku, mimi siuzi rambo." Alikuwa sahihi. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilikatazwa nchi nzima tarehe 1 Juni 2019. Kinachojaa mitaroni sasa ni ile nailoni laini inayoonyesha, isiyo na mikono, ambayo sheria iliiruhusu kwa kufungashia bidhaa tu. Ndiyo tunaita kifungashio. Watu wakaigeuza kuwa mfuko wa kubebea nyanya na dagaa, mpaka mwaka 2021 serikali ikatoa katazo juu ya matumizi hayo. Shairi likimsema rambo, kila msikilizaji anajiona yuko salama. Likimtaja kifungashio kwa jina lake, mtu anatazama mkono wake mwenyewe.

Haya, shairi lenyewe. Tulilisoma Jumamosi iliyopita.

Mafagio mikononi, tusogee sote mbele,
Tuanzie mtaroni, tushuke mpaka kule,
Kwenye meza za sokoni, wanapouza mchele,
Inama, okota, tia, gunia lijae tele.

Nailoni ya karanga, imelala pale pale,
Imefukiwa mchanga, tangu mvua kubwa zile,
Mbuzi tumbo lamfunga, akimeza kama ile,
Inama, okota, tia, gunia lijae tele.

Mvua inapoanguka, maji yaja kwa kelele,
Mtaroni yakafika, hayaoni njia mbele,
Nyumbani yakageuka, vyumba hivi hata vile,
Inama, okota, tia, gunia lijae tele.

Rambo ilishakatazwa, imerudi vile vile,
Kifungashio chauzwa, kubebea hiki kile,
Kikapu kimepuuzwa, kimetundikwa milele,
Inama, okota, tia, gunia lijae tele.

Beti nne tu. Angalia kina cha mwisho: mishororo yote mitatu ya juu inaishia "-le", sawa na kiitikio. Kanuni inakuruhusu kuacha kiitikio na kina chake peke yake, na mimi mwaka jana nilifanya hivyo. Safari hii nilikusudia wafuate. Sikio la mtu likishasikia mbele, kule, mchele, linajua la nne ni lake. Hata sikulazimika kunyoosha mkono. Kina cha kati nilikiachia kibadilike kila ubeti, ili nisibanwe nikaanza kutia maneno ya kujazia. Kiitikio peke yake ndicho kilichobaki na "tia" yake, hakibadiliki hata ubeti mmoja.

Ukihesabu mizani utaona mahali pengine "m" inahesabiwa peke yake, pengine haihesabiwi. Mtaroni ni m-ta-ro-ni, nne. Mchele ni m-che-le, tatu. Lakini mbuzi ni mbu-zi, mbili, na mbele ni mbe-le. Wanafunzi wako watakosea hapo kabla ya pengine popote. Wasihesabu kwa macho. Wapige makofi, kofi moja kila silabi, watasikia wenyewe mstari unaochechemea.

Siku yenyewe tulifanya hivi. Tuliwagawa watu pande mbili za mtaro. Waliokuwa kulia walishika "inama, okota, tia", wa kushoto wakajibu "gunia lijae tele". Mimi sikupanda kreti. Nilitembea katikati yao, maana mtu aliyeinama sauti ya mbele haimfikii, inampitia mgongoni. Nilisoma mishororo mitatu, wakaitikia mara moja, kisha kiitikio kikaendelea kurudiwa bila mimi kwa hatua kama ishirini za mtaro, ndipo nikaingia na ubeti mwingine. Kijana mmoja alipiga debe taratibu kwenye ile mikazo mitatu. Kila watu wawili gunia moja, mmoja anaokota, mwenziwe ameshika mdomo wa gunia wazi.

Tulianzia juu tukashuka. Mwaka jana tulianzia chini karibu na bahari, na maji yaliyozibuliwa juu yakatuletea taka nyingine pale tulipokwisha safisha. Na tulifanya mapema, kabla mvua za kusini hazijashika. Zikishashika, nailoni haziko mtaroni tena. Ni nyepesi kuliko maji, zinaelea zinakwenda zao, na huko kasa anakutana nazo zimetanda kama konyeza, akazimeza.

Kuna watu watakwambia shairi linachelewesha kazi. Mwalimu, usikubali, ila nawe usiwape sababu. Ukisimamisha watu nusu saa kwenye jua wasikilize ufundi wako, wana haki ya kukushusha. Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu walinishusha mimi. Andika kwa ajili ya mgongo ulioinama. Usiandike kwa ajili ya meza kuu. Maneno kama mazingira, uelewa, jamii, yaache kwa wenye hotuba, wao wana kipaza sauti chao. Wewe taja karanga, taja mbuzi, taja chumba kilichoingia maji.

Umeniuliza pia kama unaweza kubadilisha maneno yafanane na Lindi. Badilisha, ila kiitikio usikiguse. Mshororo wa pili wa ubeti wa kwanza unaweza kuufanya hivi, kama mtaanzia kule chini kwenu:

Kuanzia bandarini, tupande mpaka kule,

Mizani imekaa na kina kimekaa. Ila kama mtaro wenu unamwaga maji huko bandarini, anzeni juu, mshororo uache kama nilivyouandika. Na magunia mtafute mapema wiki hii. Sisi tulikuwa na magunia kumi na mawili, yakajaa yote kabla hatujafika kwenye meza za mchele, na ubeti wa nne tuliuimba huku vijana wawili wamekimbia nyumba kwa nyumba kuomba mengine.