CDS ni bima ya mkopo au kamari? Jibu refu, na kisa cha Hovnanian

Swali lilikuwa hivi: "Wakuu, hizi CDS wanasema ni bima ya mkopaji akishindwa kulipa. Sasa kama ni bima, mtu anazitumiaje vibaya? Mwenye uzoefu anifafanulie kwa lugha nyepesi."

Mkuu, mimi nilianzia kwenye madai ya bima za magari hapa Dar, baadaye nikafanya kazi London katika idara ya benki iliyokuwa ikihakiki makaratasi ya mikataba hii. Nimeona pande zote mbili, kwa hiyo acha nikuonyeshe pale bima inapoishia.

Kwenye CDS, kwa kirefu credit default swap, kuna watu wawili wanaosaini, na jina la mtu wa tatu ndani ya karatasi. Mnunuzi wa kinga anamlipa muuzaji ada kila robo mwaka. Muuzaji naye anaahidi kwamba yule mkopaji aliyetajwa, iwe kampuni au serikali, akishindwa kulipa madeni yake kabla mkataba haujaisha, atatoa fidia. Mara nyingi mkataba ni wa miaka 5. Chukua kinga ya dola milioni 10 kwa ada ya asilimia 5 kwa mwaka: mnunuzi anatoa dola 500,000 kila mwaka. Mkopaji akisimama imara hadi mwisho, hela hiyo imekwenda. Akianguka, na hatifungani zake zikabaki na thamani ya senti 40 kwa kila dola, muuzaji analipa senti 60 zilizopotea, yaani dola milioni 6, na ada inakoma palepale.

Mpaka hapo utasema ni bima tupu. Sasa kumbuka mteja anavyoleta dai la lori lililopinduka. Jambo la kwanza tulilokuwa tunaomba ni kadi ya gari, maana kama lori si lako na hakuna hasara utakayopata, huna bima. Kisha mkaguzi anakwenda kupima hasara, na hulipwi zaidi ya hapo. Na ikijulikana kwamba lori ulilichoma mwenyewe, dai linakufa na wewe unakwenda polisi. Kwenye CDS hakuna anayekuuliza kama unamdai huyo mkopaji hata shilingi. Mkopaji mwenyewe haombwi ruhusa, na anaweza asijue kabisa. Mwaka 1997 chama cha wafanyabiashara wa mikataba hii, ISDA, kilipata maoni ya wakili wa Uingereza, Robin Potts, aliyesema kwamba kwa kuwa malipo hayategemei mnunuzi kupata hasara, hii si bima. Maoni hayo ndiyo yaliyojenga ukuta: sheria za bima zikabaki upande mmoja, CDS upande mwingine. Marekani nayo ikatunga sheria mwaka 2000 iliyozuia majimbo kuzishughulikia kama kamari. Kwa hiyo jibu la kisheria la swali lako ni kwamba si bima wala si kamari. Jibu langu mimi ni kwamba inategemea nani ameshika karatasi.

Matumizi mabaya yanayojulikana zaidi ni ya muuzaji. AIG, kampuni kubwa ya bima ya Marekani, iliuza kinga nyingi mno juu ya mafungu ya mikopo ya nyumba bila kutenga akiba ambayo kampuni ya bima ingelazimika kuitenga, na Septemba 2008 serikali ya Marekani ikalazimika kuikopesha dola bilioni 85 kwa kuanzia. Hicho kimeandikwa sana, sitakirudia. Kisa kinachofundisha zaidi, kwa maoni yangu, ni cha upande wa mnunuzi, kwa sababu humo hakuna aliyefilisika. Kila kitu kilifanywa mchana kweupe na wanasheria wakisoma kila mstari.

Hovnanian ni kampuni ya kujenga nyumba ya New Jersey. Mwishoni mwa 2017 ilikuwa na madeni mazito lakini ilikuwa inalipa. GSO, kitengo cha mikopo cha kampuni ya uwekezaji ya Blackstone, kilikuwa kimenunua kinga za CDS juu ya Hovnanian. Kampuni ikiendelea kulipa, GSO wangekuwa wanatoa ada bure. Basi wakaenda kwa Hovnanian wenyewe wakawapa mpango, uliotangazwa Desemba 2017. Tutakukopesha kwa riba ya asilimia 5, na hatifungani zako za zamani zinazoiva 2019 tutazibadilisha kwa mpya. Kampuni kama ile sokoni ingelipa zaidi ya asilimia 10, na ushahidi ni kwamba sehemu nyingine ya hatifungani mpya za mpango huohuo zilikuwa na riba ya asilimia 13.5. Yaani mkopo wa bei ya kutupa. Sharti lake: kampuni tanzu ya Hovnanian inunue hatifungani za Hovnanian za dola milioni 26, halafu riba ya Mei 1, 2018 ikifika, Hovnanian wasiilipe hiyo kampuni tanzu yao.

Soma tena hapo. Kampuni inakataa kumlipa mtoto wake mwenyewe. Wadai wengine wote wa hatifungani hizohizo wanalipwa kama kawaida. Hakuna aliyeumia. Lakini mkataba wa CDS hauulizi nani ameumia, unauliza kama malipo yameshindikana.

Na kwa nini milioni 26? Hapa ndipo nilipotabasamu nilipopiga hesabu. Mkataba wa kawaida wa CDS hauhesabu malipo yaliyoshindikana kama ni chini ya dola milioni 1. Hatifungani zile zilikuwa na riba ya asilimia 8 kwa mwaka, inayolipwa mara mbili, kwa hiyo kila awamu ni asilimia 4. Asilimia 4 ya milioni 26 ni dola milioni 1.04. Kiasi kilichokatwa kwa mkasi.

Ila kushindwa kulipa peke yake hakukuwa kunatosha, na watu wengi wakisimulia kisa hiki wanaruka sehemu hii. Fidia ya CDS hupimwa kwa mnada. Baada ya kamati ya ISDA kutangaza kwamba mkopaji ameshindwa (na wajumbe wake ni benki na mifuko ileile inayofanya biashara hii, ukae ukijua), mabenki yanaleta bei za hatifungani za mkopaji, na bei ya mwisho inafuata ile hatifungani ya bei ya chini kabisa inayoruhusiwa kukabidhiwa. Mnada wa benki iliyofilisika ya Lehman Brothers, wa Oktoba 2008, ulitoka senti 8.625, ndiyo maana wauzaji walilipa senti 91 na ushei kwa kila dola. Sasa Hovnanian bado ilikuwa hai. Hatifungani inayoiva karibuni, ya kampuni ambayo kila mtu anaamini italipa, inauzwa karibu na dola kamili. Mnada ungetoka senti 95, tuseme, na mwenye kinga ya milioni 10 angepata laki 5 tu.

Ndiyo maana mpango ule ulikuwa na kipande cha pili: hatifungani mpya za asilimia 5 zinazoiva mwaka 2040. Nani anataka kuikopesha kampuni yenye madeni kama yale hadi 2040 kwa asilimia 5? Hakuna, kwa hiyo sokoni lazima zishuke bei sana, na si kwa sababu kampuni inakufa, ni kwa sababu zimetengenezwa hivyo. Tuseme mnada unatoka senti 50 kwa sababu yao. Kinga ileile ya milioni 10 sasa inalipa milioni 5. Riba iliyorukwa ilifungua mlango, na karatasi ya 2040 ndiyo iliyokuwa mzigo wenyewe.

Sasa fuata hela. GSO wanakopesha kwa hasara, wanairudisha hasara kwenye CDS, na kinachobaki ni faida. Hovnanian wanapata mkopo rahisi. Anayelipia yote ni muuzaji wa kinga, ambaye hakuwa mezani. Mmoja wao, mfuko uitwao Solus, alikwenda mahakamani New York Januari 2018 kuomba zuio. Jaji alikataa kulitoa, kwa kuwa hasara ya Solus ilikuwa ya fedha na ingeweza kufidiwa kwa fedha baadaye. Mei 1 ikafika na riba haikulipwa. Kulikuwa na siku 30 za ziada kabla ya kuhesabika kwamba wameshindwa. Tayari mwezi Aprili CFTC, moja ya tume za Marekani zinazosimamia masoko haya, ilikuwa imetoa tamko kwamba matukio ya kutengeneza ya aina hii yanaweza kuwa uchezeaji wa soko. Mwisho wa Mei GSO na Solus wakapatana, Hovnanian wakalipa ile riba, na fidia haikutolewa kwa mtu yeyote.

Kwa hiyo hakuna hukumu iliyowahi kusema ule mpango ulikuwa halali au haramu. Wengine hapa jukwaani husema GSO walishindwa; mimi naona walikaribia sana. Na hawakuwa wanajaribu kwa mara ya kwanza. Mwaka 2013 GSO haohao waliikopesha Codere, kampuni ya michezo ya kubahatisha ya Hispania, ikachelewesha riba kwa makusudi hadi muda wa ziada ukapita, ikalipa baada ya siku chache. Ile CDS ililipa.

Mwaka 2019 ISDA ilibadilisha maandishi, na mabadiliko yalianza kutumika Januari 2020. Sasa kushindwa kulipa lazima kutokane na kuzorota kwa hali ya kifedha ya mkopaji, au kusababishe hali hiyo izorote. Hatifungani zilizouzwa tangu mwanzo kwa bei ya chini nazo zimewekewa kanuni, zisihesabiwe kwa thamani yote iliyoandikwa juu yake. Vipande vyote viwili vya Hovnanian vimeguswa. Ulaya ilikwisha kuchukua njia nyingine: tangu Novemba 2012 imekataza kununua CDS juu ya deni la serikali za huko bila kuwa na kitu cha kukikinga. Lakini katazo hilo ni kwa serikali tu. Kwa kampuni bado unaweza kununua bila kadi ya gari.

Na upande wa pili wa mchezo haujaguswa sana. Muuzaji wa kinga naye anaweza kuikopesha kampuni inayokufa ili ivuke tarehe ya mwisho ya mkataba wake, au kuisaidia ihamishie madeni yote kwa kampuni tanzu mpya, ili jina lililo kwenye CDS libaki halina deni la kushindwa kulilipa. Mnunuzi aliyekuwa na hasara ya kweli anabaki analipa ada ya kinga isiyokinga chochote.

Ukitaka kumjua mtu wa aina hii, soma tangazo la mkopo kwa kuuliza faida yake anaipata wapi. Mkopeshaji anayetoza nusu ya bei ya soko, na ndani ya masharti yake kuna jambo lisilomsaidia mkopeshaji wala mkopaji, basi kuna karatasi ya tatu mahali fulani. Nikipata muda nitaweka mfano wa ada za CDS za serikali, maana hizo zina mambo yake.