Klipu ya mtu kwenye kona

"Nikiweka klipu nzima kwenye kona na mi naonekana kubwa nikiriakti, si ni matumizi ya haki?"

Hapana mkuu, kuipunguza saizi hakusaidii, mtu akiiona yote kwako haendi tena kwa mwenyewe. Mi huwa nacheza sekunde kumi, nastopisha, nachambua kilichoonekana hapo hapo hata dakika nzima, ndo naendelea. Kwenye kesi ya Hosseinzadeh v. Klein, Marekani 2017, washtakiwa walitumia dakika 3 na sekunde 15 za video ya dakika 5 na sekunde 24 na wakashinda, kwa sababu walikuwa wanakatiza na kukosoa, ila jaji akasema riakshen za kukaa tu kuangalia pamoja ni habari nyingine. Muziki wa klipu uzime, mitambo inaunasa hata kwenye kidirisha kidogo. Ukipata notisi, muone wakili wa hakimiliki kabla hujapinga, sheria zinatofautiana nchi na nchi.