Kwa nini mishahara haishuki biashara ikidorora?

"Wateja wakipungua, kwa nini mwajiri apunguze watu badala ya mishahara?"

Ndugu, mwanauchumi Truman Bewley aliwahoji watu zaidi ya 300, wengi wao waajiri, kaskazini-mashariki mwa Marekani baada ya mdororo wa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Hofu yao kubwa ilikuwa ari ya kazi. Ukikata mishahara ya watu 100 kwa asilimia 10, wote wanabaki na kinyongo, na hodari ndio huondoka kwanza. Ukiwaachisha 10, wenye uchungu mkubwa hawapo tena kazini. Inaniuma, lakini ndiyo hesabu yao. Mshahara ukigandishwa huku mfumuko wa bei ukiwa asilimia 5, thamani yake hushuka vilevile, ila manung'uniko huwa machache zaidi.