Alfa ya dodoso imetoka 0.41

*Dodoso langu la miradi ya maji Tanga nimelijaribu kwa watu 20 kati ya 84, alfa ya Cronbach, yaani kipimo cha maswali kukubaliana, ni 0.41. Niongeze watu?*

— Ongeza, wakifika 50 itapanda yenyewe.

— Hapana, dada. Watu wengi huifanya alfa itulie tu, hawaipandishi. Angalia safu ya `Corrected Item-Total Correlation` kwenye SPSS: swali lenye alama ya kutoa ndilo mkorofi. Mara nyingi ni lile lililogeuzwa, mfano "Fedha zilichelewa kufika" katikati ya "Bajeti ilitosha" na "Malipo yalikuwa ya wakati". Geuza alama zake, 6 kutoa jibu, kama mizani yako ni ya 1 hadi 5. Kisha pima kila kipengele peke yake: fedha mbali, ushiriki wa jamii mbali.

Shida kubwa naiona kwenye sampuli. Kwa fomula ya Yamane, watu 84 kwa kosa la 5% wanatoa sampuli ya 70, na hao 20 wa majaribio hawarudi tena. Umebaki na 64. Wahoji wote hao, na ukirudia majaribio yafanyie Muheza ili 64 wako wabaki salama.

— Mimi dodoso langu lina maswali ya wazi, alfa napimaje?

— Hayapimwi kwa alfa hayo.